Mama Frateri, Ushemasi Si Mazoezi



Leo niwapeleke Kisorya, pale ambapo barabara ya kutoka Bunda inaishia majini na magari yanasubiri kivuko cha kwenda Rugezi, upande wa Ukerewe. Kuna familia moja pale ina mtoto wao frateri. Mama yake tangu kijana aingie seminari kuu hajaitwa tena kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sokoni, kanisani, mwaloni kwenye dagaa, wote wanamwita Mama Frateri. Siku moja walinialika kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu mimi ni padre na nimepita njia hiyo, niwasaidie kupanga sherehe.

Mwenyekiti wa kikao, baba mdogo wa frateri, alikuwa na daftari lake. Hesabu zilikuwa safi: ng'ombe, mchele, maturubai, kitenge cha sare, kwaya mbili. Yote hayo ni kwa ajili ya upadrisho, mwakani, hapahapa Kisorya. Nikauliza, "Na ushemasi je?" Akaniambia kwa heshima kabisa, "Baba, ushemasi ni kule seminarini, Segerea. Nauli ya Dar es Salaam kwa watu kumi ni pesa nyingi. Ule si ni kama mazoezi tu? Tutamtuma kaka yake mmoja apige picha. Sisi tujipange na siku yenyewe."

Siku yenyewe. Neno hilo ndilo nataka tukae nalo leo, maana familia nyingi za Kikatoliki, si za Mara tu, zina wazo hilohilo: upadrisho ndio mlango, yaliyotangulia ni ngazi za kufikia mlangoni. Sivyo. Mlango unaofunga maisha ya kijana ni ushemasi. Siku ya ushemasi ndiyo anaahidi useja. Siku ya ushemasi ndiyo anakoma kuwa mlei na kuwa klero wa jimbo fulani chini ya askofu fulani. Mwaka unaofuata akipewa upadre hatarudia ahadi ya useja, kwa sababu alishaitoa. Ukikosa ushemasi wa mwanao umekosa saa aliyotoa maisha yake. Ukienda kwenye upadrisho peke yake utaona mengi mazuri, ila hilo hutaliona.

Tuanzie nyuma kidogo. Kijana wa Kisorya anaweza kuanza seminari ndogo, kwa mfano Makoko kule Musoma, au akaingia baada ya kidato cha sita. Baadaye inakuja falsafa na teolojia, ambazo kwa sheria ya Kanisa kwa jumla hazipungui miaka sita, na kwetu huzidi hapo, pamoja na kipindi cha kwenda parokiani kufanya uchungaji. Katikati ya miaka hiyo kuna hatua ndogo. Kuna kupokewa rasmi kuwa mkandidati, yaani Kanisa linatamka hadharani kwamba limemwona na linaendelea kumpima. Kisha anapewa huduma ya usomaji, na baadaye ya akolito, ya kutumikia altareni. Mahali pengi katika miaka hiyo ndipo anaanza kuvaa kanzu. Hapo mama hulia, na mtaa mzima humwita padre.

Jamani, bado si padre. Wala si shemasi. Kanzu si sakramenti. Usomaji na uakolito si daraja takatifu. Siku hizi hata walei wanaweza kupewa huduma hizo. Frateri mwenye kanzu nyeupe ya kupendeza anaweza kesho kuikunja, akarudi nyumbani, akaoa, na asiwe amevunja ahadi yoyote mbele ya Mungu. Familia ikijua hilo inampa mtoto hewa ya kupumua. Isipojua, kijana anaanza kuogopa kanzu yake mwenyewe.

Sasa tukaribie mlango. Kabla ya ushemasi kuna mambo ambayo ndugu hamwalikwi, na naomba msinung'unike. La kwanza ni barua. Kijana anaandika kwa mkono wake mwenyewe, anaitia sahihi, kwamba anaomba daraja kwa hiari yake, kwamba anajua wajibu wake na ataubeba maisha yake yote. Haiandikwi na katibu wa kamati, haiandikwi na mjomba mwalimu mwenye mwandiko mzuri. La pili ni upimaji: gombera na walezi wanatoa maoni yao, paroko wa nyumbani anaulizwa, wengine waliomfahamu wanaulizwa, kisha askofu anaamua. La tatu ni mafungo, siku zisizopungua tano, kimya, bila wageni. Atafanya mafungo kama hayo tena kabla ya upadre.

Baba wa frateri aliniuliza pale kikaoni, "Kwa nini mambo ya mtoto wetu yafanyike gizani?" Mzee wangu, si gizani. Ni mahali pasipo na ngoma. Sheria ya Kanisa inakataza kabisa mtu yeyote, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote, kumlazimisha mtu apokee daraja. Na sheria hiyohiyo inakataza kumzuia anayefaa. Nani anaweza kumlazimisha kijana wa Kisorya? Si askari mwenye bunduki. Ni ng'ombe aliyekwisha kununuliwa. Ni kitenge chenye picha yake kilichokwisha kuchapwa. Ni bibi anayesema atakufa kwa raha akiona mjukuu wake altareni. Watu wema kabisa, wenye mapenzi ya kweli, wanaweza kumfunga mtu kamba bila kujua. Ndiyo maana Kanisa linamtoa kwetu kwa siku chache, linamweka peke yake na karatasi na kalamu na Yesu wa Ekaristi, likimwuliza: ni wewe unayetaka, au ni sisi?

Mtajuaje kama kijana wenu anabanwa? Dalili si nyingi, ila zipo. Kila akianza kusema "nimekuwa nikifikiri" watu wanamkatiza kwa vigelegele. Anauliza gharama za sherehe kuliko mtu yeyote, kama mdaiwa. Anakwepa likizo nyumbani. Mkiona hivyo, mmoja wenu anayemwamini, mara nyingi dada yake au shangazi, amchukue kando amwambie maneno haya tu: ukirudi, chakula chako kipo. Maneno hayo hayaui wito. Mwenye wito atayasikia, atashukuru, na ataendelea na safari yake akiwa mwepesi.

Kuna jambo lingine la kabla ya daraja ambalo ninyi mnahusika moja kwa moja: matangazo. Jina lake linaweza kusomwa kanisani parokiani kwenu, kwamba fulani anakaribia kupewa daraja, na mwenye kujua kizuizi aseme. Hili si pambo. Waamini wana wajibu wa kusema kama wanajua kizuizi cha kweli, kwa mfano kama mtu huyo ana ndoa iliyofungwa mahali na kufichwa. Na aambiwe paroko au askofu, kabla ya siku, kwa jambo ulilolijua wewe mwenyewe. Kundi la WhatsApp la jumuiya si mahali pake. Mwenye kinyongo cha shamba la mpakani naye atulie; hicho si kizuizi cha daraja.

Basi ifike siku. Mara nyingi jioni ya kuamkia sherehe, wakati wa Masifu ya Jioni, mkandidati anakiri imani na kuapa kiapo cha uaminifu mbele ya Kanisa, na mavazi yake yanabarikiwa. Familia ikifika mapema inaweza kukaribishwa kwa hilo, kwa hiyo ulizeni. Watu wengi wanafika usiku wa manane na basi na hawajui walichokikosa.

Kesho yake, baada ya Injili, anaitwa kwa jina. Kwetu amekaa na wazazi wake kiti cha mbele, amevaa alba nyeupe tu. Anajibu kwamba yupo, anasimama, anakwenda. Sehemu nyingi wazazi wanamsindikiza hatua chache kisha wanabaki. Angalieni hatua hizo. Baba wa Kikristo siku ya harusi anampeleka binti na kumkabidhi kwa mwanamume; hapa baba na mama wanamkabidhi mtoto kwa Kanisa zima, na wanarudi kwenye benchi mikono mitupu.

Askofu anamwuliza maswali, naye anajibu mbele ya wote. Anaahidi kuishi useja kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, kusali Sala ya Kanisa kwa ajili ya watu wote, kuishika imani na kuitangaza. Halafu anapiga magoti, anaweka mikono yake iliyofumbwa katikati ya mikono ya askofu, na kuahidi heshima na utii kwake na kwa waandamizi wake. Neno waandamizi lisiwapite. Jimbo la Bunda, lenye Kisorya na Ukerewe ndani yake, lilizaliwa mwaka 2010, na askofu wake wa kwanza alikuwa Renatus Nkwande. Mwaka 2019 Papa alimhamishia Mwanza kuwa askofu mkuu, na mwaka 2021 akamteua Simon Masondole kwa Bunda. Padre aliyeweka mikono yake ndani ya mikono ya Nkwande hakuweka ahadi mpya Masondole alipofika. Ile ya kwanza ilikwisha kumfunga kwa askofu ambaye wakati ule hakumjua. Kwa hiyo msimwambie mwanenu, "Askofu wetu anatupenda, hatakupeleka mbali."

Kisha analala kifudifudi sakafuni na litania ya watakatifu inaimbwa. Kama ni Dominika au kipindi cha Pasaka, ninyi mnabaki mmesimama; siku nyingine mnapiga magoti. Baada ya hapo inakuja kimya. Askofu anaweka mikono juu ya kichwa chake bila kusema neno, halafu anasali sala ya kumweka wakfu. Kwa ushemasi ni askofu peke yake anayeweka mikono. Ndipo anavalishwa stola, ya mshazari, kutoka bega la kushoto kwenda ubavu wa kulia, na juu yake dalmatika, vazi lenye mikono mipana. Askofu anamkabidhi kitabu cha Injili. Imekwisha. Hata mama akiamka usiku na kutaka mambo yarudi nyuma, hayarudi. Daraja ikishapokelewa kihalali haifutiki kamwe. Na ruhusa ya kuachiliwa ahadi ya useja hutolewa na Papa peke yake.

Nilipofika hapo, mzee mmoja kikaoni akainua mkono. Alikuwa na swali lililomkaa kooni siku nyingi. "Baba, akishaweka nadhiri ya ufukara, sisi wazazi tutazeekea kwa nani?"

Swali la haki, na lina jibu. Padre wa jimbo haweki nadhiri. Narudia kwa sababu hata vijana wa seminari huchanganya: anatoa ahadi, za useja na utii, na anaitwa kuishi maisha ya kiasi. Nadhiri tatu za usafi wa moyo, ufukara na utii ni za watawa: masista, mabruda, na mapadre wa mashirika. Padre wa jimbo anaweza kuwa na mali yake halali, na anaweza kumnunulia mama yake dawa. Hawezi kuwa mfadhili wa ukoo, maana posho yake ni ndogo na sadaka ya parokia si yake. Lakini hajakatazwa kuwa mtoto.

Na watawa wana ngazi zao, ambazo ni tofauti sana, kwa hiyo mabinti wa Kisorya wanaofikiria usista wasikilize hapa. Kuingia unovisi hakufanywi kwa shangwe. Kanuni za liturujia zinataka ibada hiyo iwe fupi, ya jumuiya yenyewe, na isifanyike ndani ya Misa. Familia ikiambiwa "msije" si dharau. Binti anaanza kupimwa, hajaahidi kitu. Unovisi unachukua angalau mwaka mmoja kamili. Nadhiri za kwanza huwekwa ndani ya Misa, na hapo wazazi wanakuwepo, lakini ni za muda. Zinarudiwa, kwa kawaida kwa miaka kati ya mitatu na sita, na muda ukiisha sista anaweza kuaga na kurudi nyumbani kwa amani, bila aibu. Nadhiri za daima ndizo kubwa: litania, kulala kifudifudi, sala ndefu ya kuwekwa wakfu. Sista basi ana miaka ya kujaribu nadhiri zenyewe kabla hajafunga. Shemasi hana. Anaahidi mara moja na ni ya kudumu. Ndiyo maana nasisitiza barua ile ya mkono.

Baada ya ushemasi lazima ipite angalau miezi sita kabla ya upadre, na awe ametimiza miaka 25. Muda huo anabatiza, anahubiri, anafungisha ndoa akipewa mamlaka, anazika. Hawezi kuadhimisha Misa wala kuungamisha. Mkimwona anasitasita altareni, mwacheni ajifunze.

Halafu Kisorya. Upadrisho kwa kawaida hufanyika kanisa kuu, ila kwa sababu za kichungaji askofu anaweza kuja parokiani, na watu wa mwambao wanalipenda hilo. Ataingia akiwa na stola yake ya kishemasi, ya mshazari. Ataahidi tena utii. Atalala tena chini. Safari hii baada ya askofu, mapadre wote waliopo wanapita mmoja mmoja na kumwekea mikono, kimya. Mapadre wakiwa wengi inachukua muda, na kwaya ikianza kuimba hapo, tafadhali mtu aiguse begani. Kimya kile ni sehemu ya ibada.

Mama Frateri aliniuliza lililokuwa moyoni mwake. "Mimi nilimvalisha nepi. Kasula nitamvalisha mwenyewe?" Nikamwambia: hapana, mama, na utalipenda jibu. Wewe na baba yake mtaibeba kasula imekunjwa mikononi mwenu mpaka mbele, na mtaitoa. Desturi yetu inaruhusu hivyo. Kuvalisha ni kazi ya mapadre, mara nyingi yule ambaye shemasi amemchagua mwenyewe. Ataigeuza stola kutoka mshazari iende shingoni na kushuka kifuani pande zote mbili, kisha atamwekea kasula. Ndugu zake wapya ndio wanaomvika, kama ninyi mlivyomvika wa kwanza. Baada ya hapo askofu anampaka krisma viganjani, na watu wanaleta mkate na divai, ambavyo askofu anamkabidhi. Vipaji hivyo familia inaweza kuvileta. Mahali pengine viganja hufutwa kwa kitambaa kinachotunzwa na mama mpaka anazikwa nacho. Ni desturi ya zamani, wala si lazima. Muulizeni mshereheshaji wa liturujia, msijitungie.

Mzee wa daftari akaguna, "Kwa hiyo sherehe yetu haina maana?" Ina maana sana. Soma kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya anapita shambani, anamtupia Elisha vazi lake. Vazi kwanza! Elisha anaomba akawaage baba na mama yake. Kisha anachinja ng'ombe wake wa kulimia, anawapika kwa kuni za nira zile zile, watu wanakula, naye anaondoka. Karamu ya Elisha ilikuwa ya kuaga, na kilichoungua jikoni kilikuwa nira, ili asiwe na cha kurudia. Tofauti na zetu ni hiyo tu: sisi mara nyingine tunachinja ng'ombe kama watu wanaopokea, wakati siku ile tunatoa.

Kikao kiliendelea hadi jioni. Waliondoa kwaya moja, wakapunguza maturubai. Walikata jina la mpiga picha na kuandika manne ya kwenda Segerea: baba, mama, bibi, na yule dada yake mkubwa anayemwamini. Bibi akataka kujua kama kwenye basi la kutoka Bunda anaruhusiwa kubeba sato wa kukaanga wa kutosha siku mbili. Nikamwambia abebe, na walezi wa seminari nao ni watu.